Riba Juu ya Riba Haizai Ukiichomoa Kila Mwaka

Siku hizi ukifungua simu hukosi kupata tangazo la akiba linaloahidi kwamba pesa yako itazaa, na kile kilichozaliwa nacho kitazaa. Si uongo. Hesabu hiyo ipo na inafanya kazi. Lakini nilisomea mauzo chuoni na najua tangazo huchagua upande mmoja wa hesabu na kuuacha mwingine, kwa hivyo leo nataka tuufungue ule ulioachwa.

Maoni yangu ni haya: kwa mtu mwenye akiba ndogo, jina la riba kwenye tangazo lina uzito mdogo kuliko mahali riba yenyewe inapoenda ikishalipwa. Ikiingia kwa simu yako na ukainunulia unga, umepata riba ya kawaida, hata kama bango la barabarani lilisema vingine. Ikibaki ndani na pesa iliyoizaa, umepata riba juu ya riba. Mara nyingi anayeamua ni wewe, na watu wengi huamua bila kujua kwamba wameamua.

Watu wawili, shilingi 20,000 kila mmoja

Tuchukue mfano wa mama mboga na jirani yake wa boda boda. Kila mmoja ana shilingi 20,000, na kila mmoja ameiweka mahali panapolipa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Hakuna anayeongeza hata shilingi baada ya hapo. Kwa sasa tusahau kodi na ada, tutazirudia.

Mama mboga amesema riba yake itumwe kwa simu kila mwaka unapoisha. Mwaka wa kwanza anapokea shilingi 2,000, ambayo ni asilimia 10 ya 20,000. Mwaka wa pili anapokea 2,000 tena, kwa sababu pesa iliyobaki ndani ni ile ile 20,000. Mwaka wa tatu, 2,000. Hiyo ndiyo riba ya kawaida, ile tuliyoiita shuleni simpo intaresti. Inahesabiwa juu ya pesa ya mwanzo tu, na kila mwaka ni sawa na uliopita.

Mtu wa boda boda amesema riba yake isitoke, iongezwe kwa akiba. Mwaka wa kwanza naye anapata 2,000, hakuna tofauti yoyote. Lakini sasa akiba yake ni 22,000. Mwaka wa pili asilimia 10 inahesabiwa juu ya 22,000, kwa hivyo anapata 2,200. Akiba inafika 24,200. Mwaka wa tatu anapata 2,420, na akiba inafika 26,620. Hiyo ndiyo riba juu ya riba, ile kompaundi.

Ukitaka kuthibitisha, toa kalkuleta ya simu. Riba ya kawaida unazidisha kwa idadi ya miaka. Riba juu ya riba unazidisha kwa 1.10 mara nyingi kadiri ya miaka:

```
20000 × 0.10 × 3 = 6000
20000 × 1.10 × 1.10 × 1.10 = 26620
```

Mstari wa kwanza unakupa riba peke yake: 6,000, kwa hivyo jumla ni 26,000. Mstari wa pili unakupa jumla moja kwa moja, mtaji na riba pamoja. Baada ya miaka mitatu tofauti kati ya hawa wawili ni shilingi 620.

Hebu tusimame hapo kwanza. Shilingi 620, baada ya miaka mitatu. Hiyo si pesa ya kubadilisha maisha ya mtu, na tangazo linalokuonyesha mlima wa sarafu huwa halikwambii kwamba mwanzoni mlima ni kichuguu. Ukitazama mwaka wa kwanza peke yake, tofauti ni sufuri. Ndiyo maana watu wengi hujaribu miezi michache, wakaona hakuna kitu, wakatoa pesa. Hawakudanganywa kuhusu hesabu, ila hawakuambiwa inachukua muda gani.

Mahali tofauti inapojificha

Sasa tuwaache hawa wawili waendelee. Hii hapa jumla ya kila mmoja. Kwa mama mboga nimehesabu 20,000 yake pamoja na riba yote aliyokwisha kupokea mkononi:

| Baada ya | Riba ya kawaida | Riba juu ya riba | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Mwaka 1 | 22,000 | 22,000 | 0 |
| Miaka 3 | 26,000 | 26,620 | 620 |
| Miaka 5 | 30,000 | 32,210 | 2,210 |
| Miaka 10 | 40,000 | 51,875 | 11,875 |
| Miaka 20 | 60,000 | 134,550 | 74,550 |

Ukiisoma kwenda chini utaona kwamba safu ya kawaida inapanda kwa hatua zile zile, 2,000 kila mwaka, kama mtu anayepanda ngazi. Safu ya pili inaanza kwa hatua hizo hizo halafu hatua zinarefuka. Katika miaka mitano ya kwanza mtu wa boda boda alipata riba ya 12,210. Katika miaka mitano iliyofuata alipata 19,665. Asilimia ni ile ile 10 na hakuongeza hata bob. Kilichobadilika ni kwamba riba ya zamani nayo ilikuwa kazini.

Hapo ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwenye akiba ndogo alijue. Tuseme mwisho wa mwaka wa tano pikipiki ya jirani yetu inaharibika, naye anatoa riba yote, ile 12,210, na kuacha 20,000 ndani. Akiba inaanza upya. Baada ya miaka mingine mitano inafika 32,210. Ukijumlisha na 12,210 aliyoitumia, amepata 44,420 kwa jumla badala ya 51,875. Alitoa 12,210, lakini zaidi ya hiyo amepoteza 7,454 ambayo ile pesa ingezaa kama ingebaki.

Sisemi alikosea. Pikipiki ndiyo kazi yake, na akiba ya namna hiyo inawekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Hata mama mboga si mjinga kwa kuchukua riba yake kila mwaka. Zile 2,000 zilinunua viatu vya shule, na viatu havikungoja miaka kumi. Ninachosema ni kwamba kutoa riba kuna bei, na bei hiyo haionekani kwenye meseji yoyote. Ada ya kutoa kwa ajenti utaiona palepale. Hii nyingine utaikuta mwaka wa kumi, kama ungekuwa bado unapiga hesabu.

"Riba ya kila siku" ina thamani gani?

Jambo la pili ambalo matangazo hupenda kulipigia debe ni mara ngapi riba inaongezwa: kila mwaka, kila mwezi, kila siku. Linaonekana kubwa. Tulipime kwa ile ile 20,000.

Riba ya asilimia 10 kwa mwaka ikiongezwa kila mwezi, haina maana kwamba unapata asilimia 10 kila mwezi. Asilimia 10 inagawanywa kwa 12. Mwezi wa kwanza unapata shilingi 166.67. Mwezi wa pili inahesabiwa juu ya 20,166.67, kwa hivyo unapata 168.06, yaani shilingi moja na senti kadhaa zaidi. Ikiendelea hivyo, mwisho wa mwaka una 22,094. Ikiwa ingeongezwa mara moja tu mwishoni, ungekuwa na 22,000. Kwa hivyo "kila mwezi" imekuletea shilingi 94.

Je, ikiongezwa kila siku? Unafika 22,103. Ukilinganisha na ile ya kila mwezi, umepata shilingi tisa zaidi kwa mwaka mzima.

Sasa linganisha na kitu kingine. Mahali pengine panapolipa asilimia 11 badala ya 10, hata kama riba inaongezwa mara moja tu kwa mwaka, wangekupa 22,200. Asilimia moja zaidi ya kiwango inaushinda mchezo wote wa kila siku na kila mwezi. Na ada ndogo ya shilingi 50 kwa mwezi ya kuendesha akaunti ni 600 kwa mwaka, karibu theluthi ya riba yako yote ya 2,000. Ada kama hiyo inameza ile 94 mara sita na bado ina njaa.

Ndiyo maana nasema kwamba ukiwa na akiba ndogo, usichague mahali kwa sababu ya neno "kila siku". Angalia kwanza kiwango, kisha ada, kisha kama riba inabaki ndani bila wewe kufanya lolote. Mara ngapi inaongezwa ni jambo la mwisho.

KRA nayo inakula kabla yako

Hapa Kenya, riba anayolipwa mkazi na benki au mfuko wa soko la fedha hukatwa kodi ya asilimia 15 kabla haijakufikia. Wanaokulipa ndio wanaoikata na kuipeleka KRA. Kwa hivyo asilimia 10 iliyo kwenye bango, ikiwa ni kabla ya kodi, kwako ni asilimia 8.5.

Kwa mama mboga hesabu ni nyepesi. Badala ya 2,000 anapata 1,700 kila mwaka. Baada ya miaka kumi jumla yake ni 37,000 badala ya 40,000. Kodi imechukua 15 katika kila 100 ya riba yake, kama ilivyosema.

Kwa mtu wa boda boda kuna kitu cha ajabu kidogo. Kwa asilimia 8.5 inayobaki ndani, baada ya miaka kumi ana 45,220 badala ya 51,875. Riba yake imeshuka kutoka 31,875 hadi 25,220. Pungufu ni 6,655, ambayo ni karibu asilimia 21 ya riba yote, si 15. Kodi haikuongezwa na hakuna aliyeiba. Ni kwamba kila mwaka kodi ilichukua shilingi ambazo zingebaki na kuzaa miaka iliyofuata. Riba juu ya riba ina upande wa pili: kila kinachotoka mapema, iwe kodi, ada au mkono wako mwenyewe, kinatoka pamoja na watoto wake.

Hata hivyo, aliyeacha riba ndani bado yuko mbele ya mwenzake kwa 8,220. Kodi inapunguza tofauti, haiifuti. Ila ukilinganisha mahali pawili, hakikisha viwango vyote viwili ni vya kabla ya kodi, au vyote ni vya baada. Ukilinganisha 10 ya kabla na 9 ya baada utachagua vibaya, kwa sababu ile 9 ndiyo kubwa.

Zinavyoonekana hapa kwetu

Kuna bidhaa ambazo kwa umbo lake zinalipa riba ya kawaida, na mfano mzuri ni hati fungani za serikali. Wengi wanakumbuka M-Akiba, hati fungani ya serikali iliyouzwa kupitia simu kuanzia Machi 2017. Ungeweza kuanza na shilingi 3,000, riba ilikuwa asilimia 10 kwa mwaka bila kodi, ikilipwa kila baada ya miezi sita kwa miaka mitatu.

Kwa mtu aliyenunua ya 3,000, hiyo ni shilingi 150 kila nusu mwaka. Malipo sita ni 900, halafu anarudishiwa 3,000 yake. Jumla ni 3,900. Kama zile 150 zingeweza kurudishwa ndani kwa kiwango kile kile kila mara, angemaliza na 4,020. Tofauti ni shilingi 120. Lakini zisingeweza kurudi, kwa sababu kiwango cha chini cha kununua kilikuwa 3,000, na 150 haifiki hapo. Ziliingia kwa simu na, kama pesa yoyote ndogo iliyo kwenye simu, zikawa mjazo wa muda wa maongezi na nauli.

Huu ndio mtego wa mwenye akiba ndogo. Mwenye hati fungani kubwa anapolipwa riba, ile riba peke yake inatosha kununua nyingine, kwa hivyo anajitengenezea riba juu ya riba mwenyewe. Mwenye 3,000 analipwa kiasi ambacho hakiwezi kununua chochote isipokuwa matumizi. Bidhaa ni moja, kiwango ni kimoja, lakini mmoja anapanda ngazi na mwingine anapanda mlima. Dawa yake ni kuamua kabla riba haijaingia kwamba itaenda wapi: akaunti ya akiba, mfuko unaopokea pesa ndogo, au chama, hata kama huko kiwango ni cha chini kidogo. Pesa inayozaa asilimia 7 ni bora kuliko inayokaa kwenye simu ikizaa sufuri.

SACCO ni mfano wa upande mwingine. Mwanachama ana hisa, ambazo hulipwa gawio, na ana akiba, ambayo hulipwa riba. Zote huamuliwa na kulipwa mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu za mwaka kufungwa na mkutano mkuu kukaa. Hapo ndipo vyama vingi hukupa nafasi ya kuchagua: utumiwe pesa, au iongezwe kwa akiba au hisa zako.

Watu husubiri siku hiyo kama Krismasi ya pili, na naelewa. Lakini kwa hesabu tuliyofanya juu, fomu hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama wewe ni mama mboga au ni mtu wa boda boda wa mfano wetu. Ukichagua kutumiwa kila mwaka kwa miaka kumi, SACCO yako imekulipa riba ya kawaida, na hakuna aliyekunyima ile nyingine. Kama huwezi kuiacha yote, uliza kama unaweza kugawa: nusu itoke, nusu ibaki. Ile nusu inayobaki itaendelea na kazi.

Hesabu hii hii ikigeuzwa kuwa deni

Nimesema tofauti ni ndogo mwanzoni kwa mwenye kuweka. Kwa mwenye kukopa, mambo yanakwenda mbio, kwa sababu mikopo ya simu mara nyingi huhesabu ada kwa mwezi, si kwa mwaka.

Tuseme umekopa shilingi 5,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Ukilipa kwa wakati, ada ni 375 na mambo yameisha. Usipolipa, na mkopo ukasogezwa mwezi mmoja mwingine huku ada mpya ikihesabiwa juu ya deni lote, sasa unalipia 5,375. Ukisogeza hivyo mpaka miezi sita itimie, deni ni 7,716. Kama ada ingehesabiwa juu ya 5,000 peke yake kila mwezi, lingekuwa 7,250. Tofauti ni shilingi 466 katika nusu mwaka.

Kwa akiba ya 5,000 inayolipwa asilimia 10 kwa mwaka, ingekuchukua zaidi ya miaka minne kupata tofauti ya 466 kati ya aina hizi mbili za riba. Kile ambacho akiba inakutafutia kwa miaka minne, deni linakutoza kwa miezi sita. Kwa hivyo mtu aliye na akiba ndogo na mkopo wa simu unaosogezwa kila mwezi, ushauri wangu ni mmoja: alipe mkopo kwanza, hata kama itabidi aguse akiba. Hakuna riba ya akiba inayoweza kukimbizana na ada ya mwezi.

Utajuaje unalipwa ipi?

Huhitaji kusoma masharti ya kurasa 14. Chukua taarifa ya akaunti yako na utafute miezi miwili inayofuatana ambayo hukuweka wala kutoa pesa. Linganisha riba ya mwezi wa kwanza na ya wa pili. Zikiwa sawa, unalipwa riba ya kawaida. Ya pili ikiwa kubwa kidogo, riba inabaki ndani na inazaa.

Ila chagua miezi vizuri. Pale ambapo riba inahesabiwa kwa siku, Februari italipa kidogo kuliko Januari kwa sababu ya siku zake tu, na utadhani umeibiwa. Tumia Julai na Agosti, au Desemba na Januari, ambayo yote ina siku 31. Kwa 20,000 yetu kwa asilimia 10, kabla ya kodi, Julai ingelipa 169.86 na Agosti ingelipa 171.31. Ukiona 169.86 zote mbili, riba yako haizai. Na kama pesa yako iko kwenye mfuko wa soko la fedha, kumbuka kwamba kiwango chenyewe hupanda na kushuka, kwa hivyo angalia kwanza kama kilikuwa kimoja miezi yote miwili kabla ya kutoa hukumu.

Kama unaanza tu na huna taarifa ya kulinganisha, wapigie na uulize maswali matatu. La kwanza: nikiweka shilingi 20,000 leo na nisiguse kitu, nitakuwa na shilingi ngapi baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitano, kodi na ada zikiwa zimetolewa? La pili: riba ikilipwa inaingia wapi, ndani ya akiba au kwa simu yangu? La tatu: nikitoa kidogo katikati, je, ile riba ya kipindi hicho nitaipata au inakatwa?

Swali la kwanza ndilo kubwa, kwa sababu linalazimisha jibu la shilingi. Asilimia, kila siku, kila mwezi, kompaundi, yote yanageuka kuwa nambari mbili unazoweza kulinganisha na za mwingine. Na kwa maoni yangu, sisi tunaoandika matangazo ya akiba tungepaswa kuziandika nambari hizo mbili kwenye bango lenyewe, ya mwaka mmoja na ya miaka mitano, mwenye 20,000 azisome akiwa kwenye matatu. Ya mwaka mmoja itaonekana ndogo. Basi iwe ndogo. Atakayeiona na bado akaweka, huyo ndiye atakayefika mwaka wa tano.